Mapafu magumu na mapafu yaliyolegea: mbona wote wanahema?

Swali: Baba kaambiwa ana emfisema, daktari anasema mapafu yake yamelegea, yanatanuka kirahisi kuliko kawaida. Sasa si ndo vizuri? Mbona hata kwenda chooni anahema?

Pole sana na baba. Watu wengi wanachanganyikiwa hapo kwa sababu tunafikiria kupumua ni kuingiza hewa tu, kumbe pafu lina kazi mbili, kutanuka ukivuta na kujirudi lenyewe ukitoa, na baba kapotelewa na hiyo ya pili. Chukua suruali mbili za lastiki, moja mpya, nyingine ya miaka mitano imefuliwa mpaka basi. Ile ya zamani ukiivuta inakuja bila ubishi, kidole kimoja kinatosha, lakini ukiiachia haibani tena, inaning'inia na suruali inashuka. Mpya inakubishia kidogo afu ukiachia inarudi pap. Sasa fikiria ya tatu ambayo fundi ameshonea kitambaa kigumu juu ya lastiki, hiyo kuivuta mpaka mikono miwili, na hata hivo haifiki mbali, ukiiachia tu imesharudi.

Ya zamani ndo emfisema, mpya ni mapafu mazima, na hiyo ya tatu ni mapafu yenye makovu, yanaitwa faibrosisi. Ule wepesi wa kutanuka wataalamu wanauita komplayansi. Nguvu ya kujirudi inaenda kinyume chake, yaani kinachotanuka kirahisi sana hakijirudi vizuri, na kinachojirudi kwa nguvu kinakataa kutanuka. Pafu zima limekaa katikati.

Swali: Hiyo komplayansi ina namba au ni maneno tu?

Ina namba, na hesabu yake ni nyepesi: chukua hewa iliyoingia, gawanya kwa mvuto uliotumika kuiingiza. Mvuto wenyewe unapimwa kwa sentimita za maji. Sentimita 1 ya maji ni presha ya maji yenye kina cha sentimita 1 ndani ya glasi, yaani kitu kidogo mno.

Kati ya pafu na mbavu kuna mwanya mwembamba wenye majimaji kidogo. Pafu muda wote linataka kunywea, ukuta wa kifua nao unataka kufunguka nje, kwa hiyo wanavutana, na ndo maana presha ya mwanya huo ukiwa umetulia iko kama −5, yaani sentimita 5 chini ya presha ya hewa ya nje. Ukivuta pumzi ya kawaida kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kinashuka, presha inakuwa kama −7.5, na hewa mililita 500 inaingia. Mvuto umeongezeka 2.5 tu. 500 gawanya kwa 2.5 unapata 200, yaani kila sentimita 1 ya mvuto inakuletea mililita 200 za hewa. Hiyo ndo ya mtu mzima mwenye afya, kazi ndogo kiasi kwamba hukumbuki kama unapumua.

Mwenye makovu tuseme anapata mililita 50 tu kwa kila sentimita. Akitaka zilezile 500 inabidi avute kwa 10, mara nne ya mwenzake, na afanye hivo kila pumzi, usiku na mchana. Mwenye emfisema yeye anaweza kuwa na 400, kwa hiyo kwenye karatasi 1.25 inamtosha. Kwenye karatasi, lakini, tutarudi hapo.

Swali: Mama yangu yeye ana makovu ya mapafu, anapumua haraka haraka pumzi fupi fupi. Kwa nini asivute moja ndefu apumzike?

Mwili wake umeshapiga hesabu, pumzi ndefu kwa pafu gumu ni ghali mno, na kadiri anavyozidi kulijaza ndo linazidi kukaza. Kwa hiyo anachagua pumzi ndogo nyingi, bila hata kuamua.

Tatizo ni kwamba kwenye kila pumzi kama mililita 150 zinaishia njiani, kwenye koo na mabomba ya hewa, hazifiki kwenye vifuko ambako oksijeni inaingia kwenye damu. Mtu mzima anayevuta 500 mara 14 kwa dakika anaingiza lita 7, na zinazofika kwenye vifuko ni 350 mara 14, lita 4.9. Mama tuseme anavuta 300 mara 28. Jumla ni lita 8.4, kamzidi yule mwenye afya, lakini zinazofika ni 150 mara 28, lita 4.2. Ametumia nguvu zaidi kapata hewa pungufu, na hapo bado kuta za vifuko vyenyewe zimekuwa nene kwa makovu, oksijeni inapita kwa shida, ndo maana akipanda ngazi tu kile kipimo cha kidoleni kinashuka.

Makovu yanatoka sehemu nyingi. Vumbi la mawe kwa wachimbaji na wapasua kokoto ni mojawapo, huko Mererani kwenye tanzanite wanalijua. TB iliyopona inaweza kuacha makovu pia, na wengine chanzo hakipatikani kabisa. Popote lilipotoka, kovu ni kolajeni, ule uzi mgumu ambao mwili unazibia jeraha, na kolajeni haina mvutiko wa maana.

Swali: Basi turudi kwa baba. Kama hewa inaingia kirahisi, anaumia wapi?

Kwenye kutoa. Mtu mzima akitulia hatumii msuli kutoa hewa, analegeza tu kiwambo na lastiki za pafu zinamaliza kazi. Lastiki hizo ni nyuzi za elastini kwenye kuta za vifuko. Moshi wa sigara unavuta seli nyeupe za damu kwenye mapafu, seli zinamwaga kimeng'enya kinachokata elastini, na moshi huohuo unadhoofisha ile protini inayotakiwa kukizuia. Miaka ikienda kuta zinachanika, vifuko vidogo vingi vinaungana kuwa mashimo makubwa machache. Moshi wa kuni nao unaharibu, ila wenyewe mara nyingi unabana na kutia makovu njia za hewa kuliko kutoboa vifuko hivi.

Sasa weka saa mkononi. Tuseme baba anapumua mara 20 kwa dakika, kila pumzi ina sekunde 3, kuvuta sekunde 1, zinabaki 2 za kutoa. Pafu zima linahitaji chini ya sekunde 1 kumwaga pumzi yake ya kawaida, kwa hiyo lingemaliza likae linasubiri. La baba kwa kulegea kwake tuseme linahitaji 4. Zikifika 2 bado hajamaliza, pumzi nyingine inaingia juu ya ile iliyobaki, inayofuata inapanda juu ya hiyo, hewa inajilimbikiza. Akinyanyuka kwenda chooni anapumua haraka zaidi, muda wa kutoa unapungua zaidi, ndo anajaa kabisa. Yaani anahema kwa sababu kifua kimejaa, japo mwenyewe anahisi kama kimekwisha hewa.

Na kumbuka ule mvutano wa pafu na mbavu. Pafu likilegea mbavu zinashinda, kifua kinabaki kimefunguka muda wote. Mwenye afya akimaliza kutoa pumzi ya kawaida anabakiza kama lita 2.5 ndani, baba anaweza kubakiza 4 au zaidi. Kifua kinakuwa mviringo kama pipa, kiwambo kinashuka na kunyooka bapa, na msuli ambao umeshashuka wote hauna pa kushukia tena. Afu hata lastiki iliyolegea ukiivuta mpaka mwisho inakaza, kwa hiyo baba anaanzia kuvuta pumzi kwenye sehemu ambayo pafu limeshafika ukingoni. Ile 1.25 ya kwenye karatasi hapo haipo tena, hata kuvuta kunakuwa kazi, utamwona anainua mabega na misuli ya shingo inasimama.

Swali: Si akaze tu aitoe kwa nguvu?

Akikaza anaziba. Vile vibomba vidogo vya hewa havina mfupa laini wa kuvishikilia, vinakaa wazi kwa sababu nyuzi za pafu zinavivuta pande zote, kama kamba za turubai zinavyoshikilia nguzo. Kamba zikikatika, ukiminya kifua vibomba vinaminywa pamoja na vifuko, vinabanana kama mrija laini wa juisi ukiunyonya kwa nguvu, na hewa inabaki nyuma yake.

Ndo maana utakuta baba mwenyewe, bila kufundishwa, anakunja midomo kama anapoza chai. Hiyo ni akili sana. Midomo ikibana hewa inarudisha presha kidogo kwenye vibomba, vinakaa wazi muda mrefu, na pumzi inatoka taratibu ila inatoka nyingi. Avute puani akihesabu mbili, atoe kwa midomo iliyokunjwa akihesabu nne, bila kusukuma. Kwa mama mwenye makovu hii haina faida hiyo, maana yeye kutoa sio tatizo lake, hewa yake inatoka haraka tu.

Swali: Kile kipimo cha kupuliza kwenye mashine kinatofautisha?

Kinatofautisha vizuri tu mara nyingi. Angalia FVC, hewa yote uliyoitoa, na FEV1, iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Mama akitoa FVC lita 2.0 na FEV1 lita 1.7, FEV1 ni asilimia 85 ya FVC, yaani ana hewa kidogo lakini inaruka nje haraka. Baba akitoa FVC 3.2 na FEV1 1.3 ni kama asilimia 41, hewa ipo inatoka kwa kusuasua, na chini ya 70 hata baada ya kuvuta dawa ndo dalili ya njia kuziba. Mashine hii haioni hewa iliyonasa ndani, hiyo ina kipimo chake kingine.

Kuna wanaokuwa navyo vyote viwili, emfisema juu ya mapafu na makovu chini. Hao legevu na gumu vinafichana, uwiano wa FEV1 na FVC unaweza kutoka kama wa mtu mwenye afya kabisa huku mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi. Namba zikiwa nzuri na mtu anahema hivo, usikubali kurudishwa nyumbani na "uko sawa", omba CT na kipimo cha jinsi gesi inavyopita kwenye damu.

Swali: Inhela itarudisha hizo lastiki?

Hapana, elastini iliyochanika mwili hauijengi upya ikawa kama mwanzo. Inhela inapanua vibomba, kwa hiyo zile sekunde 4 zinaweza kushuka, hewa inayonasa inapungua, na kiwambo kinapata nafasi ya kushuka tena. Kwa hiyo usiihukumu inhela kwa FEV1 peke yake, maana inaweza isipande sana na baba akafika chooni na kurudi bila kushika ukuta. Na kama bado anavuta sigara, kile kimeng'enya kinaendelea kukata hata leo.