Mama alifariki 2009, halafu 2012 akalipa ada

Nafanya ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza, na neno linalonitoa jasho si la sheria wala la hospitali, ni mama. Kuna siku binti mmoja alikuwa anahojiwa kuhusu familia yake, akasema mama alifariki 2009, baadaye kidogo akaulizwa ada ya sekondari alilipa nani, akajibu "mama ndo alinilipia, 2012." Nikatafsiri vilevile, mama na mama. Afisa akaacha kuandika, akarudi karatasi ya kwanza, nikajua tayari anamwona muongo. Nikaomba ruhusa nimuulize, "huyo aliyelipa ni mama mzazi?" Akanishangaa. "Hapana, mama mkubwa."

Kwetu dada yake mama ni mama basi, na ukubwa au udogo unapimwa kwa mama yako, sio kwako, ndo maana mtu anaweza kuwa na mama mdogo ambaye yeye kamzidi miaka mitano. Kwa baba ni hivyohivyo, kaka zake ni baba wakubwa na baba wadogo, Pwani utasikia pia ami. Jina linabadilika jinsia ikibadilika: dada wa baba ni shangazi, kaka wa mama ni mjomba. Na watoto wanafuata humo humo, wa mama mkubwa ni kaka na dada zako, wa shangazi na wa mjomba ndo mabinamu (siku hizi wengi wanawaita wote binamu, najua).

Kiingereza mama mkubwa, mama mdogo na shangazi wote ni anti tu. Neno lenyewe limetoka Kilatini, amita, na amita alikuwa dada wa baba peke yake, wa mama alikuwa na jina lake, matertera. Hata Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili, yakafa.

Kwa hiyo kutoka Kiingereza kuja kwetu ndo kugumu zaidi, maana lazima uongeze kitu ambacho mwandishi hajakisema. Wengi wanakimbilia shangazi. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka shangazi kwenye kumbukumbu za familia moja, kurasa kibao, mpaka nikafika mahali babu mzaa mama anamwita huyo anti "mwanangu." Sikuweza kubadilisha neno moja tu, mabinamu wote ilibidi wawe kaka na dada, na bado sikujua ni mkubwa au mdogo mpaka nikamuuliza mwenye familia. Kama hakuna wa kumuuliza naandika "dada yake mama," inakuwa kavu kidogo lakini sijamdanganya msomaji.

Na hata ukishaambiwa "mama mdogo" usiandike haraka, kwa sababu familia nyingi mke wa pili wa baba naye anaitwa hivyo. Mimi siku hizi nauliza moja kwa moja: ni tumbo moja na mama yako, au ni mke wa baba?