Raba za kukimbilia: maswali ya mkimbiaji wa Dar anayejiandaa na kilomita 21 za Moshi

Swali: Daktari, nina miaka 38 na kilo 84. Nakimbia jioni mara tatu kwa wiki, jumla kilomita 25 hivi, najiandaa na Kilimanjaro Marathon. Raba zangu ni mtumba wa Karume, ninazo mwaka sasa na kwa juu bado nzuri kabisa. Mbona miundi imeanza kuuma?

Tuanze na hesabu. Kilomita 25 kwa wiki, kwa mwaka mzima, ni kama kilomita 1,300. Raba nyingi za kukimbilia barabarani huchoka zikifika kati ya kilomita 500 na 800. Zako zimeshapita huko, na hapo hatujagusa kilomita alizokimbia mwenye nazo wa kwanza.

Kitambaa kinaweza kubaki kizuri kwa muda mrefu. Kinachochoka ni povu, ile tabaka nene iliyo kati ya unyayo wako na mpira unaogusa lami. Limejaa vijifuko vidogo vya hewa, na kila hatua inavibana. Mwanzoni vinarudi, lakini baada ya hatua laki kadhaa vingi vimepasuka au vimelala moja kwa moja. Kwa nje huoni kitu.

Ziweke raba zako juu ya meza, uchuchumae hadi visigino viwe usawa wa macho yako, uzitazame kwa nyuma. Raba nzima husimama wima. Iliyochoka huinamia upande mmoja, mara nyingi nje au ndani ya kisigino. Kisha angalia ubavu wa povu. Mikunjo midogo myembamba inayobaki hata kama hakuna aliyeivaa ni dalili kwamba limelala. Mwisho ingiza mkono ndani, ubonyeze kwa dole gumba mahali kisigino kinapokaa, halafu ubonyeze katikati ya raba ambako mguu haulemei sana. Kama kwenye kisigino ni pagumu na katikati bado panabonyea, jibu umelipata.

Hata hivyo usiitupie raba lawama zote. Maumivu ya muundi mara nyingi huja mtu anapoongeza kilomita haraka, na watu wengi wanaojiandaa na mbio hufanya hivyo. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Kama maumivu yametapakaa eneo refu kama kiganja na yanapungua ukishapata joto la mwili, punguza kilomita kwa wiki mbili tatu na ubadilishe raba. Kama yako sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, na yanakusumbua hata ukitembea au usiku ukiwa umelala, acha kukimbia na uende hospitali, maana huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji, kwa sababu picha ya kawaida ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe.

Swali: Sasa nirudi tena mtumba, au lazima ninunue mpya?

Sikukatazi mtumba. Ninachokuomba ni uikague raba kwa macho ya mkimbiaji. Wauzaji huzisugua, huzifua na kuzipaka rangi upya, kwa hiyo usafi wake haukuambii chochote. Fanya vipimo vile vile vitatu pale pale mezani kwa muuzaji. Geuza soli pia: mpira ukiwa umelika hadi povu linaonekana, iache.

Halafu funua ulimi wa raba, soma kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani. Baadhi ya kampuni huchapa hapo tarehe ya kutengenezwa, kwa maandishi madogo sana. Povu huzeeka hata kama raba haijavaliwa: hukakamaa, na gundi huanza kuachia, hasa kama imekaa kwenye joto. Raba ya miaka minane inayoonekana mpya inaweza kuwa mbaya kuliko ya mwaka jana iliyochakaa kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, usianike yako juani wala kuiacha kwenye buti la gari mchana kutwa. Ichomoe soli ya ndani, uiache ikauke kivulini.

Mimi binafsi, kwa mtu anayekimbia kilomita 25 kwa wiki, ningenunua mpya ya bei ya kawaida kuliko mtumba wa bei kubwa wenye jina, kwa sababu tu utajua umeanza kuhesabu kutoka sifuri. Andika tarehe uliyoanza kuivaa kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi. Kwa mwendo wako, wiki 24 ni kilomita 600, kwa hiyo baada ya miezi mitano au sita anza kuikagua kila wiki.

Swali: Nimevaa namba 42 maisha yangu yote. Lakini nikikimbia mbali kucha za vidole gumba zinakuwa nyeusi.

Ule weusi ni damu iliyovilia chini ya kucha, kwa sababu kidole kinagonga ncha ya raba kila hatua. Na huko Moshi itakuwa zaidi, kwani mbio za kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka kisha zinateremka. Kwenye mteremko mguu mzima husogea mbele.

Namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine, kwa hiyo isahau namba kwa muda. Nenda dukani jioni, baada ya shughuli za siku, maana mguu huvimba kidogo mchana, na kwa joto la Dar huvimba tena ukikimbia. Vaa soksi zile zile unazokimbilia. Chomoa soli ya ndani ya raba, iweke sakafuni, usimame juu yake kwa miguu miwili, kisigino kikiwa sawa na ukingo wa nyuma. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki upana wa dole gumba la mkono, kama sentimita moja hadi moja na nusu. Kwa watu wengine kidole kirefu ni cha pili, na wengi wana mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, hivyo pima yote miwili na uufuate ulio mrefu. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli ubavuni, raba ni nyembamba kwako. Kuongeza urefu hakutatibu hilo, tafuta muundo mwingine ulio mpana. Kwenye mtumba hakikisha kwanza kwamba soli ya ndani ni ya raba ile ile, maana wakati mwingine hubadilishwa.

Kisha irudishe, funga kamba, ukimbie hatua chache nje ya duka. Kisigino kisichomoke, vidole vicheze kwa uhuru, na pasiwe na mahali panapobana au kusugua. Muuzaji akikuambia itaachia ukishaizoea, usikubali. Kama kila kitu kiko sawa ila kisigino kinacheza kidogo, tumia lile tundu la mwisho la kamba karibu na kifundo ambalo wengi huliruka: pitisha kamba humo ili kila upande ufanye kitanzi, uzivushe ncha kila moja kwenye kitanzi cha upande wa pili, ndipo ukaze.

Swali: Kwa uzito wangu si ninahitaji zile zenye soli nene na laini kabisa?

Wengi hufikiri hivyo, na mimi nilitarajia hivyo pia. Watafiti wa Luxembourg waliwapa wakimbiaji zaidi ya 800 raba zinazofanana kwa macho, nusu zikiwa na povu laini na nusu gumu, wakawafuatilia miezi sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliopewa ngumu waliumia zaidi, lakini faida ya ulaini ilionekana waziwazi kwa watu wepesi. Kwa wenye uzito kama wako tofauti haikuwa ya uhakika.

Kwa hiyo chagua ulaini wa wastani ambao mguu wako unaufurahia, na uepuke ile laini sana inayokuyumbisha unapokanyaga. Angalia pia kisigino kimeinuka kiasi gani kuliko mbele. Raba nyingi za kawaida zimeinuka kama milimita 8 hadi 12. Zilizo bapa hupeleka kazi zaidi kwenye vigimbi na kano ya kisigino, zilizoinuka hupeleka zaidi kwenye goti. Kama umezoea moja, usiruke ghafla kwenda nyingine ukiwa na wiki chache tu kabla ya mbio.

Swali: Kocha wa klabu yetu anasema natua kwa kisigino, na Wakenya wanatua kwa mbele. Nibadilishe?

Ukweli wake ni nusu. Mwaka 2010 utafiti uliochapishwa ulionyesha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea kukimbia peku wakitua zaidi kwa sehemu ya mbele. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao huenda peku tangu utotoni, na kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua kwa kisigino. Mwendo, ardhi na mazoea vyote vina nafasi yake. Wakimbiaji wengi wa kujifurahisha wanaovaa raba hutua kwa kisigino, na hakuna ushahidi thabiti kwamba kulazimisha mabadiliko kunazuia majeraha. Mtu anayebadilisha ghafla huanza kulalamika vigimbi na kano ya kisigino.

Kinachosumbua zaidi ni mguu kutua mbali mbele ya mwili. Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Kama ni 160, jaribu 168 kwa mwendo ule ule. Hatua zitafupika zenyewe, mguu utatua karibu chini yako, na goti litabeba mzigo mdogo zaidi.

Swali: Nina unyayo bapa. Muuzaji anataka ninunue raba maalumu za kuzuia mguu kuingia ndani.

Jeshi la Marekani lilijaribu hilo kwa maelfu ya makuruta wa vikosi mbalimbali: kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la unyayo, jingine wote wakapewa aina moja. Majeraha hayakutofautiana kwa maana. Kama raba hiyo imekukaa vizuri na unajisikia vyema ukiikimbilia, inunue. Usiongeze pesa kwa sababu tu ya alama ya unyayo wako kwenye karatasi.

Swali: Mbio ni wiki tano zijazo. Nikinunua leo, nizivae lini?

Wiki hii zivae kwa kutembea, na mara moja kwa kilomita tatu au nne. Wiki ya pili zitumie kwenye mazoezi mafupi mawili. Zoezi refu liendelee na raba za zamani kama hazijakuumiza. Kama ndizo zinazokuumiza, fupisha zoezi hilo. Kuanzia wiki ya tatu zihamishie kwenye zoezi refu, ukiwa na soksi utakazovaa Moshi, na angalau mara moja utafute barabara yenye mteremko. Ukirudi, vua uangalie vidole. Wekundu au malengelenge yakionekana, bado una wiki mbili za kufunga kamba upya au kubadilisha soksi.