Theoremu ya thamani ya mwisho ilinipa 1, mtambo ukagoma kutulia

Nianze na mfano ulioniabisha mimi mwenyewe kipindi najifunza kontroli. Mtambo ni G(s) = K/(s(s+1)(s+2)), umefungwa na fidibeki ya moja kwa moja, unaingiza stepu ya 1, swali ni pato litatulia wapi. Hesabu yenyewe haina jasho:

Y(s) = K / ( s (s³ + 3s² + 2s + K) )

Theoremu ya thamani ya mwisho inasema zidisha Y(s) kwa s, weka s = 0, hapo ndo pato linatulia. Unabaki na K/K, jibu ni 1. Nikaandika "hakuna kosa la mwisho" nikafunga daftari. Baadaye naendesha simulesheni na K = 6, naona mstari unapanda mpaka karibu 1.9, unashuka karibu 0.1, unapanda tena, dakika nzima inapita haujachoka. Nikadhani nimekosea kodi. Kumbe kodi ilikuwa sawa, mimi ndo nilikuwa nimetumia theoremu mahali isipofanya kazi.

Na angalia kitu ambacho kilitakiwa kinishtue mapema: hiyo K/K ni 1 kwa K yoyote ile. K = 2 inakupa 1, K = 6 inakupa 1, K = 10 inakupa 1, weka hata milioni. Mtambo gani huo unaokubali geini yoyote bila kulalamika?

Ili uelewe kinachotokea, achana kwanza na limiti, angalia sF(s) yenyewe ni nini, F(s) ikiwa Laplasi ya f(t). Ni integrali ya f(t) ikizidishwa na s·e^(−st), kuanzia 0 mpaka milele. Sasa hiyo s·e^(−st) ukiijumlisha peke yake inatoa 1 kamili, kwa hiyo ni kama mizani: sF(s) ni wastani wa f(t), ambapo kila wakati umepewa uzito wake. Asilimia 95 ya uzito wote iko ndani ya muda wa 3/s. Ukiweka s = 10 unaangalia zaidi sekunde 0.3 za mwanzo, ukiweka s = 0.01 unatandaza jicho kwenye sekunde kama 300.

Hapo theoremu zote mbili, ya thamani ya mwanzo na ya mwisho, zinatoka zenyewe. s ikienda infiniti uzito wote unarundikana pale t = 0, wastani unakuwa f(0+), hiyo ndo thamani ya mwanzo. s ikienda 0 uzito unatawanyika mbali sana mpaka mwanzo hauna maana tena, na kama f(t) imetulia kwenye thamani fulani basi wastani lazima uwe hiyo thamani. Hilo neno "kama" ndo lenye kesi yote, maana wastani upo hata kwa kitu ambacho hakitulii.

Turudi kwenye K = 6. Chini ya mstari s³ + 3s² + 2s + 6 inavunjika kuwa (s+3)(s²+2), kwa hiyo poli ziko −3 na ±j√2, hizo mbili zimekaa juu ya mhimili wa jω kabisa, si kushoto si kulia. Ukifungua sehemu kwa sehemu unapata

y(t) = 1 − (2/11)e^(−3t) − (9/11)cos(√2·t) − (3√2/11)sin(√2·t)

Ile ya e^(−3t) imeshakufa ndani ya sekunde 2. Kosaini na saini ukiziunganisha ni wimbi moja lenye kimo 3/√11, yaani 0.905, linajirudia kila sekunde 4.44. Linacheza kati ya 0.095 na 1.905 milele. Sasa chukua s = 0.01 uweke kwenye sY(s): unapata 6/(3.01 × 2.0001), kama 0.997. Hesabu haijadanganya hata kidogo, imekupa wastani wa wimbi, na wastani ni 1 kweli. Wewe ndo uliuliza swali la "itatulia wapi" kwa kitu kisichotulia, ikakujibu swali lingine kwa upole.

Ndiyo maana poli za kwenye mhimili wa jω mi naziona mbaya kuliko hata zile za kulia. Zile za kulia angalau ukikagua eneo la integrali utajua kuna tatizo: kwa K = 10 kuna poli mbili zenye sehemu halisi kama 0.154, pato linakua kama e^(0.154t), na integrali haipo kabisa mpaka s iwe zaidi ya 0.154, kwa hiyo unapoweka s = 0 umeshatoka nje ya uwanja, unachezea fomula tupu ambayo si wastani wa chochote. Lakini poli za jω zinaruhusu integrali kwa kila s iliyo juu ya 0, kila hatua ni halali, na jibu linatoka namba nzuri inayoaminika. Hata ukizirudia mara mbili, mfano F(s) = 2s/(s²+1)² ambayo ni t·sin t, sF(s) inaenda 0 wakati wimbi lenyewe linazidi kutanuka!

Sharti lenyewe basi: poli zote za sF(s) ziwe kushoto kabisa mwa mhimili wa jω. Nasema za sF(s), siyo za F(s), kwa sababu poli moja pale s = 0 inaliwa na s uliyozidisha, na hiyo inatakiwa iwepo ndo ibakize thamani isiyo 0. Kwa polinomia ya digrii ya tatu s³ + as² + bs + c, namba zote zikiwa chanya, ab lazima izidi c. Hapa 3 × 2 izidi K, yaani K chini ya 6, hapo ndo lile jibu la 1 unaruhusiwa kuliandika. Ukitumia kompyuta:

```python
import numpy as np
print(np.roots([1, 3, 2, 6]))
```

Tahadhari, sehemu halisi ya zile poli mbili inaweza kutoka kitu kama 1e-16 badala ya 0, chanya au hasi, kwa hiyo usiandike programu inayouliza tu "ni hasi?" ikasema salama.

Kosa lingine la ukoo huohuo naliona sana: ingizo ni saini, mtu anatafuta kosa la mwisho kwa theoremu hii, anapata 0 na kushangilia. Ingizo lenyewe ω/(s²+ω²) limekuja na poli zake za jω, kosa litakuwa wimbi, na wastani wa wimbi ni 0. Hapo tumia ukubwa wa transfa fanksheni ya kosa pale s = jω, achana na limiti.

Theoremu ya mwanzo haina haja na haya yote. s inaenda infiniti, na huko iko ndani ya uwanja daima hata mtambo ukiwa unalipuka: kwa K = 10 limiti ya s⁴Y(s) ni 10, na kweli derivativu ya tatu ya y pale 0+ ni 10. Yenyewe inagombana na kitu kimoja, digrii ya juu ya mstari kutokuwa ndogo kuliko ya chini. (s+2)/(s+1) ukiizidisha kwa s inaenda infiniti, lakini ni 1 + 1/(s+1), ile 1 ni impalsi iliyokaa pale t = 0, itoe pembeni, kilichobaki kinakupa f(0+) = 1.