Chungwa Limeachwa, Juisi Imebaki

"Nataka kupunguza mwili, kwa hivyo nimeacha matunda sababu ya sukari. Juisi freshi tu ndiyo nakunywa, si ni ya asili?"

Dada, umegeuza mambo. Mafuta ya mwili huongezeka chakula cha siku kikizidi kile mwili unachotumia, na tunda zima ni vigumu likufikishe huko.

Chukua machungwa ya Kibuye hapa Kisumu. Moja la wastani lina kama kalori 60, na sukari yake imefungwa ndani ya nyuzinyuzi. Unamenya, unatafuna, unatema mbegu. Ukimaliza la pili tumbo limeshaanza kukuambia basi. Sasa tazama anayekamua juisi: machungwa matatu au manne kwa glasi moja, makapi yanabaki kwenye chujio, nawe unaimaliza kabla hujapewa chenji. Sukari karibu yote umeinywa, kilichokuwa kikushibishe kimetupwa. Na kuna wanaoongeza sukari ya mezani juu yake!

Mwaka 2009, watafiti wa Marekani waliwapa watu tofaa zima kabla ya chakula cha mchana. Jumla ya kalori, tofaa likihesabiwa, ilipungua kwa takriban asilimia 15 kuliko walipokula bila kutanguliza kitu. Juisi ya tofaa yenye kalori zilezile haikuwashibisha hivyo.

Tunda lililokaushwa nalo liangalie. Zabibu kavu huliwa kiganja kizima bila kuhisi. Na tunda liingie badala ya mandazi ya saa nne, lisije juu yake.