Pacha aliyetoweka: ninachokitafuta kwenye ultrasaundi

Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni, hapa Moshi, alikuja kupima mimba ikiwa na wiki 7. Nikaona vifuko viwili vya mimba, kila kimoja na kiinitete chake. Mmoja alikuwa na urefu wa milimita 10 na moyo wake ulipiga mara 135 kwa dakika. Wa pili alikuwa milimita 6, na mapigo yake hayakufika 90. Kwa umri ule, moyo wa taratibu hivyo hunitia wasiwasi, nami nilimweleza mama palepale.

Wiki ya 10 aliona matone ya damu. Kituo cha kwanza alichokimbilia kilimwambia mimba imeharibika, asafishwe kizazi. Hakuna aliyempima ultrasaundi. Nashukuru alikataa akaja kwangu na mama mkwe wake, kwa sababu kusafishwa kungemtoa na mtoto aliye hai.

Mkubwa alikuwa anarusha miguu. Mdogo hakuwa na mapigo tena, na kifuko chake kilishaanza kusinyaa.

Mama mkwe akauliza, "Daktari, huyu mwenzake amemla? Na yule hataoza humo ndani akamdhuru?"

Hapana, mama, hajamla. Mara nyingi pacha wa namna hii huwa na kasoro ya kromosomu tangu mwanzo, si kosa la mama wala ndoo aliyobeba. Na haozi: mwili hufyonza maji na tishu zake kidogo kidogo. Hakuna dawa ya kumtoa, na hatakiwi kutolewa.

Ninachokitafuta hasa ni kama walikuwa na kondo moja au mbili. Kati ya vifuko vile kulikuwa na ukuta mnene, maana yake kila mtoto alikuwa na kondo lake, na damu zao hazikuchanganyika. Hapo aliyebaki kwa kawaida huendelea vizuri, ingawa namfuatilia uzito, kwani baadhi huzaliwa wadogo kidogo au mapema kidogo. Wangekuwa wanachangia kondo moja, na kifo kikatokea baada ya miezi mitatu ya kwanza, maneno yangekuwa mengine: damu ya aliye hai inaweza kukimbilia ghafla kwa aliyekufa, ubongo wake ukaumia. Mama wa namna hiyo nampeleka hospitali ya rufaa bila kuchelewa.

Tahadhari moja: damu iliyoganda pembeni ya kifuko huweza kufanana na kifuko cha pili. Bila kuona ndani yake kiinitete, au kifuko cha kiini kinachokilisha mwanzoni, simwambii mama kwamba alikuwa na mapacha.

Mama wa Mbuyuni alijifungua wiki ya 38, mtoto wa kike, kilo 2.9. Kwenye utando wa kondo palikuwa na kipande kigumu, cheupe, kama ukucha. Aliomba akione, nikamwonyesha, akakigusa kwa kidole akanyamaza.