Kupima mlango wa kizazi kwa siki: maswali tunayoulizwa kliniki

Siumwi popote, nije kufanya nini?

Tunachokitafuta hakiumi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na kirusi cha HPV, kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Wanawake wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa muda mrefu hubadilisha chembe taratibu, na mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi kabla hazijawa saratani. Ndiyo maana tunawaita wenye miaka 30 hadi 50 wakiwa wazima. Mwenye VVU asisubiri 30, aulize kliniki anakochukua dawa. Na ukitoka damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, njoo mara moja, hata kama ulipima juzi.

Huko ndani mnanifanyaje?

Unakwenda haja ndogo kwanza, kisha unalala kitandani ukiwa umejifunika shuka. Muuguzi anaingiza spekula, kifaa cha kupanulia uke, anapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, anasubiri dakika moja, halafu anamulika taa. Utasikia kubanwa, pengine na mwasho kidogo. Kizazi hakivutwi, ingawa mitaani wanasema hivyo. Ukiwa hedhini subiri imalizike, maana damu huficha tunachotaka kuona.

Nikiambiwa chanya, ndiyo saratani hiyo?

Hapana. Maana yake siki imeonyesha doa jeupe, yaani huenda pana chembe zilizobadilika. Tuseme mama wa miaka 38 ameonekana na doa dogo ambalo kingo zake zote zinaonekana. Kituo kikiwa na mashine, anatibiwa siku hiyohiyo kwa kuunguza doa kwa joto au kuligandisha kwa baridi kali. Anasikia maumivu kama ya hedhi, kisha anarudi nyumbani kwa miguu yake. Majimaji yatamtoka kwa wiki kadhaa, na wiki 4 hivi anapumzika tendo la ndoa. Hili la mwisho ndilo gumu, hivyo tunapenda mume aelezwe mapema. Baada ya mwaka anarudi kuangaliwa. Akiwa mjamzito, tiba hiyo husubiri ajifungue.

Doa likiwa kubwa au likiingia ndani tusikokuona, anapewa rufaa. Tukiona uvimbe unaovuja damu hatuunguzi chochote: hospitali itachukua kinyama kipimwe, na hapo ndipo saratani huthibitishwa au kukanushwa.

Na nikiambiwa hasi, nimemaliza?

Rudi baada ya miaka 3, au mapema zaidi kama una VVU. Siki haioni kila kitu. Baada ya kukoma hedhi huona kidogo zaidi, kwa sababu sehemu inayoshambuliwa hurudi ndani ya mlango. Ukiwa umefika huko, ulizia kipimo cha HPV chenyewe. Kinahitaji ute tu, na unaweza kuuchukua mwenyewe kwa kijiti cha pamba.