Je, wajua? Kifungu kinachobana mara nyingi hakikuamuru chochote

"Mkataba wetu wa kuuza mtama umetafsiriwa kwa Kiswahili, una kurasa 18, na mwenyekiti anataka ukurasa mmoja tu wenye wajibu, tarehe na hatari. Mbona kila tukiufupisha tunaacha jambo ambalo baadaye ndilo linalotubana?"

Kwa sababu anayefupisha hutafuta amri, na yanayobana mara nyingi hayakuandikwa kama amri. Yameandikwa kama maelezo ya kitakachofuata mtu akinyamaza. Sentensi ya namna hiyo haina "lazima" wala "atapaswa", haimtumi mkulima kufanya lolote, kwa hiyo jicho huipita kama maelezo ya kawaida.

Wengi wetu tulifundishwa ufupisho shuleni kwa njia moja: chukua kila aya, toa wazo kuu, liandike kwa sentensi moja. Kwa habari ya gazeti njia hiyo inafaa. Kwa mkataba inapotosha, kwa kuwa inachukulia kwamba kila kifungu kina haki ya mstari wake na kwamba kifungu kirefu kina uzito kuliko kifupi. Kifungu cha majanga yasiyozuilika kinaweza kujaza ukurasa mzima kikitaja vita, mafuriko na tetemeko, na katika msimu wa kawaida kisikuguse hata kidogo. Wakati huohuo mstari mmoja ulio karibu na sahihi unasema mkataba utaendelea msimu ujao kwa bei ileile isipokuwa upande mmoja utoe taarifa. Ukifupisha kwa uwiano, ukurasa wa majanga unapata mstari na mstari wa kuendelea hauachiwi nafasi.

Kosa la pili linafanana na hilo: kudhani kwamba hatari zinakaa kwenye kifungu chenye kichwa "Adhabu". Hatari haina makao yake peke yake. Ni mkia wa wajibu. Kila wajibu una mtu, tendo, muda na njia ya kulitenda, kisha unakuja mkia: lisipotendeka, nini kinafuata? Mkia huo unaweza kuandikwa kurasa sita mbali na wajibu wenyewe. Kazi ya mfupishaji ni kuuunganisha na mwili wake.

Tuchukue mkataba wa mfano, wa aina ambayo chama cha msingi cha wakulima wilayani Kongwa kinaweza kuletewa mezani. Chama kitapeleka tani 60 za mtama kwenye ghala la mnunuzi Kibaigwa kufikia 31 Agosti 2025. Mnunuzi ametanguliza mbegu, na gharama yake itakatwa kwenye malipo. Haya yote yako wazi, na mtu yeyote atayaandika. Sasa tuangalie vifungu vitatu vinavyokaa mbalimbali.

Kifungu cha 16 kinasema: "Mkataba huu utaendelea kwa msimu mwingine kwa masharti yaleyale, isipokuwa upande mmoja utoe taarifa ya kutoendelea si chini ya siku 60 kabla ya 30 Septemba 2025." Kifungu cha 21 kinasema taarifa zote ziwe za maandishi, zikabidhiwe kwa mkono au kwa barua ya rejista, na kwamba barua ya rejista itahesabiwa imepokelewa siku ya tano baada ya kupostiwa. Kifungu cha 1, kile cha tafsiri ya maneno ambacho watu hukiruka, kinasema "siku" ni siku yoyote ya kalenda na "siku ya kazi" ni siku isiyo Jumamosi, Jumapili wala sikukuu ya kitaifa.

Muhtasari wa kawaida utaandika: "Kama hatutaki kuendelea, tutoe taarifa siku 60 kabla." Si uongo, lakini hausaidii, kwa sababu mwenyekiti hana tarehe ya kuweka kwenye kalenda yake. Tuhesabu. Septemba 30 ukirudi nyuma siku 60 unafika 1 Agosti. Hiyo ndiyo siku ya mwisho kwa taarifa kuwa imefika. Tukituma kwa rejista, inahesabiwa imefika siku ya tano, basi lazima iwe imepostiwa 27 Julai. Tarehe hiyo mwaka 2025 ni Jumapili. Kwa hiyo tarehe ya kweli ya kuandika ni Ijumaa, 25 Julai. Sharti lililosema "Septemba" limezaa tarehe ya Julai, na ujumbe wa simu uliotumwa kwa afisa wa mnunuzi wiki hiyo hautahesabika, hata akijibu "sawa".

Kuna tarehe za aina nyingine ambazo hazihesabiki mapema namna hiyo. Mkataba unasema "ndani ya siku kadhaa tangu kupokea taarifa", na taarifa yenyewe bado haijatoka. Ni kama arobaini ya msiba: haina tarehe kwenye kalenda ya mtu yeyote mpaka kifo kitokee. Kikishatokea, tarehe inazaliwa siku hiyohiyo na hesabu inaanza kwenda, watu wawe wamejiandaa au la. Na kama familia zinavyoweza kutofautiana, wengine wakihesabu tangu kufariki na wengine tangu mazishi, pande za mkataba nazo hugombana juu ya siku ya kwanza: ni siku barua ilipoandikwa, ilipopostiwa, au ilipofika? Tena, siku yenyewe ya kupokea inahesabiwa au inaachwa? Mkataba ukiwa umesema, fuata ulivyosema. Ukiwa kimya, andika kwenye muhtasari tarehe ya mapema zaidi kati ya zinazowezekana, maana kuwahi kwa siku moja hakumuumizi mtu.

Kwenye mkataba wetu tarehe ya aina hii iko kifungu cha 11. Mnunuzi akipima mtama ghalani akakuta unyevu umezidi asilimia 13, anaweza kuukataa kwa taarifa ya maandishi. Halafu linakuja lile la kimya: "Chama kisipoomba sampuli ipimwe upya ndani ya siku 3 za kazi tangu kupokea taarifa, matokeo yatahesabiwa yamekubaliwa." Hakuna anayeamriwa hapo. Lakini ukinyamaza umekubali kwamba mzigo wako ni mbovu, na sentensi inayofuata inasema mzigo uliokataliwa utaanza kulipiwa ghala.

Tuseme taarifa inakabidhiwa kwa mkono Alhamisi, 7 Agosti 2025. Ijumaa ni Nane Nane, sikukuu ya kitaifa, na nusu ya viongozi wa chama wako Nzuguni kwenye maonesho. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Jumatatu 11 ni siku ya kwanza, Jumanne ya pili, Jumatano 13 ya tatu. Ombi la kupima upya liwe limefika kufikia tarehe 13. Na hapa rejista haifai tena, kwa sababu siku zake tano ni nyingi kuliko muda wenyewe. Lazima lipelekwe kwa mkono, na nakala isainiwe na aliyepokea. Hilo la njia ya kupeleka linastahili kuingia kwenye muhtasari kwa uzito uleule wa tarehe.

Sasa kuhusu tafsiri. Mikataba mingi iliyoandikwa kwanza kwa Kiingereza ina kifungu mwishoni kinachosema nakala mbili zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itafuatwa. Kikiwepo, muhtasari uliotoka kwenye Kiswahili peke yake umesimama juu ya kivuli cha mkataba. Huhitaji kulinganisha kurasa zote 18. Linganisha yale yaliyoingia kwenye ukurasa wako: kila namba, neno linaloshikamana na namba hiyo, na kila palipo na "na", "au" na "isipokuwa". Mfasiri akiangusha maneno "za kazi" kwenye kifungu cha 11, Kiswahili kitaisha Jumapili tarehe 10 na Kiingereza Jumatano tarehe 13. Safari hii umepata presha bure. Akiyaongeza pasipo, siku tatu zinakuwa zimeshakupita wakati wewe bado unahesabu. Usisahau viambatisho: bei, kiwango cha unyevu na njia ya kupima hupenda kukaa huko, na huko ndiko mfasiri hufika akiwa amechoka.

Ukurasa wa mwenyekiti, basi, haufuati mpangilio wa vifungu. Unafuata kalenda, na namba ya kifungu inabaki mwishoni mwa mstari ili anayetaka kuhakiki ajue pa kwenda. Kwa mkataba huu sehemu yake ingekuwa hivi:

Kufikia Ijumaa 25 Julai: tukiamua kutoendelea, barua ya rejista iwe imepostiwa, au ikabidhiwe kwa mkono kufikia 1 Agosti. Tusipofanya, tumefungwa msimu mwingine kwa bei ileile (vifungu 16 na 21).

Kufikia 31 Agosti: tani 60 ziwe zimefika ghalani Kibaigwa, unyevu usizidi asilimia 13 (vifungu 4 na 7, kiambatisho cha 2).

Inasubiri tukio: mtama ukikataliwa kwa maandishi, siku 3 za kazi kuomba upimwe upya, kwa mkono tu. Tukinyamaza, tumekubali na gharama ya ghala ni yetu (vifungu 11 na 21).

Mstari huo wa tatu ndio unaohitaji mtu mwenye jina. Wajibu wenye tarehe unaweza kukumbushwa na simu, lakini unaosubiri tukio unahitaji anayepokea barua ajue kwamba kupokea kwenyewe kumeanzisha hesabu. Katibu aandike saa na siku ya kupokea juu ya barua ileile, kisha ahesabu tarehe ya mwisho papo hapo na kuipandisha sehemu ya juu ya ukurasa.

Kuhusu kiasi cha fedha, neno dogo "hadi" lina kazi kubwa. Tuseme kifungu cha 18 kinasema chama kikikosa kufikisha mzigo kitalipa shilingi milioni 5. Muhtasari usiandike "tutalipa milioni 5" kana kwamba limeisha. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kiasi kilichotajwa mapema kwa ajili ya kuvunja mkataba ni kikomo: anayedai hupata fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Andika "hatari: hadi milioni 5". Mwenyekiti akijua ni kikomo, atajua pia kuna cha kuzungumza kabla ya kufungua mkoba. Kama fedha ni nyingi, huo ndio mstari wa kumpelekea wakili ukiwa na kifungu chenyewe kwa lugha zote mbili.